Mlipe Mwisho wa Wiki: Mwongozo kwa Anayetaka Kubanwa

Kabla hujaendelea kusoma, jiulize kama kweli unalitaka jambo hili. Barua pepe yenye utata ni hifadhi salama. Aliyeandika "tutalishughulikia mapema" hajasema uongo, hajaahidi kitu, hajachelewa, na hatachelewa maisha yake yote. Ukimuuliza mwezi ujao atakujibu kwa utulivu kwamba linashughulikiwa. Mtu wa namna hii hupandishwa cheo. Mwongozo huu haumhusu. Ni wa wale wachache wenye maradhi ya kutaka kazi iishe, ambao wako tayari jina lao na tarehe yao visimame pamoja kwenye mstari mmoja ambapo kila mtu anaviona.

Tuchukue mradi mdogo wa kubuni, lakini ambao ukipita Kariakoo siku yoyote utaukuta umebadilishwa majina tu. Mfanyabiashara wa vitenge anahama kutoka kifremu chake cha Mtaa wa Kongo kwenda fremu kubwa kwenye jengo jipya upande wa Msimbazi. Fremu imepatikana kwa dalali. Yupo fundi umeme. Yupo seremala wa Keko anayetengeneza shelfu. Yupo mhasibu ambaye ofisi yake iko Posta, na ambaye huja Kariakoo pale tu anapopata siti kwenye mwendokasi, yaani haji. Na yupo msimamizi wa mradi, mpwa wa mwenye duka, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu amesoma na ana kompyuta mpakato. Siku ya Jumanne, Juni 30, mpwa aliwaandikia wote:

> Yah: Ufuatiliaji
>
> Ndugu zangu, habari za kazi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeonana na fundi umeme na dalali wa fremu. Amesema kazi yake imeisha ila anamsubiri amalizie. Mashine ya EFD imefika pamoja na ankara yake, ila ina makosa, irudishwe. Vipimo vya shelfu nimewatumia. Mlipe mwisho wa wiki, tutafungua baada ya Sabasaba. Naomba kuwasilisha.

Barua nzuri. Ni fupi, ina adabu, haina kosa la tahajia. Wiki mbili baadaye mashine nzima ilikuwa imerudishwa kwa muuzaji na ankara mbovu imebaki dukani. Fundi umeme alikuwa amelipwa kazi ambayo hajaimaliza, na simu yake haipatikani. Dalali alikuwa hajalipwa, na ameanza kuwaonyesha watu wengine ile fremu. Seremala alikuwa amekaa Keko akisubiri vipimo. Ukiwakalisha kikao utagundua jambo la kusikitisha: hakuna aliyekaidi agizo. Kila mmoja alitekeleza kilichoandikwa, na mpwa naye anaapa kwamba alikiandika.

Basi vua viatu tuingie ndani ya barua. Katika Kiswahili utata wa nani-ni-nani hauketi sana kwenye maneno makubwa kama yeye, wao na hiyo. Hayo yanaonekana. Umejificha kwenye herufi moja au mbili zilizobandikwa mbele ya kitenzi, ambazo jicho huzipita kwa sababu mwandishi, wakati anaandika, alikuwa anamwona mtu wake kichwani. Msomaji hana kile kichwa. Ana herufi tu.

Anza na a- na -m-. "Amesema kazi yake imeisha ila anamsubiri amalizie." Hapo kuna a- tatu, -m- moja na -ke moja, zinazogombea watu wawili. Fundi amemaliza nyaya na anamsubiri dalali akamilishe hati ya pango? Au dalali amemaliza hati na anamsubiri fundi akamilishe nyaya? Kiswahili chetu hakibagui mwanamume na mwanamke, hakibagui fundi na dalali, na hata ng'ombe akiingia kwenye sentensi atapewa a- ileile bila kuulizwa kitambulisho. Huo ni uungwana mkubwa wa lugha, lakini katika mradi unagharimu. Dawa yake haina ufundi wowote: rudia cheo. "Dalali amemaliza hati. Fundi umeme hajamaliza." Najua mwalimu wako wa insha alikukataza kurudia neno moja mara mbili katika aya. Mwalimu yule hakuwa anadaiwa kodi ya pango. Kwenye barua ya mradi andika fundi umeme mara nane ikibidi, hata ichoshe, kwani hakuna atakayekupa tuzo kwa uzuri wa sentensi ambayo imemlipa mtu asiyehusika.

Sasa twende kwenye vitu. Hapa lugha inakupa msaada ambao watu wengi wa ofisini wameusahau tangu walipomaliza kidato cha nne. "Mashine ya EFD imefika pamoja na ankara yake, ila ina makosa, irudishwe." Ina makosa nini? Mashine inaweza kuwa na makosa, na ankara inaweza kuwa na makosa. Zote mbili ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ile i- inazikaa zote sawasawa. Mpwa alimaanisha ankara, ambayo ilikuwa na tarakimu moja ya TIN iliyokosewa. Kijana wa mizigo alielewa mashine, akaipakia kwenye guta na kuirudisha, na kwa kuwa ni kijana mwaminifu hakuirudisha ankara, maana hakuambiwa.

Angalia kinachotokea ukibadilisha neno moja tu. "Kifaa cha EFD kimefika pamoja na ankara yake, ila ina makosa." Utata umekufa hapo hapo. Kifaa kingekuwa na makosa, tungeandika kina. Ngeli mbili tofauti zinajilinda zenyewe. Kwa hiyo unapokuwa na vitu viwili kwenye sentensi, tazama kama vyote ni vya I-ZI, na mara nyingi vitakuwa, kwa sababu karatasi zote za biashara zimejazana huko: ankara, risiti, hundi, hati, barua, fomu, profoma, stakabadhi, ripoti. Chagua jina jingine kwa kimojawapo, lenye ngeli yake: mkataba badala ya hati, kifaa badala ya mashine, waraka badala ya barua. Kama hupati jina jingine, rudi kwenye dawa ya kwanza na urudie neno.

Mbinu hii ina mpaka. Kwa watu haifanyi kazi hata kidogo, kwa sababu mtu yeyote mwenye roho, awe karani, dalali, bosi au kuli, huburutwa kwenye upatanisho wa A-WA apende asipende. Na hata kwa vitu, ngeli itakuambia nini kirudishwe lakini haitakuambia nani akirudishe. "Irudishwe" ni amri iliyotolewa hewani. Vitenzi vya aina hii, vinavyoishia na -we, ndivyo vinavyopendwa kuliko vyote katika ofisi zetu: ifuatiliwe, ikamilishwe, ifanyiwe kazi. Vinasikika kama amri na vinatulia kama dua. Ukikutana na kimojawapo, kigeuze mpaka mtendaji atokee: "Mimi nitairudisha ankara." Kama hatokei, basi umegundua jambo la maana kuliko sarufi, kwamba kazi hiyo haina mtu.

Tumefika kwenye wa-. "Vipimo vya shelfu nimewatumia." Nimewatumia ninyi, au nimewatumia wao? Kiambishi ni kilekile kwa mnaosoma na kwa wasiokuwepo. Seremala, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wapokeaji, alielewa kwamba wametumiwa watu fulani, labda wenye jengo, na kwamba yeye ataletewa zamu yake ikifika. Mwenye duka alielewa kwamba seremala naye ametumiwa. Ukweli ni kwamba mpwa alivituma kwa mhasibu na mjomba wake, ili wavione. Hapa tena lugha ina dawa yake, fupi mno. Kwa wasomaji wako andika nimewatumieni, na ile -eni ya mwisho inawafungia ndani. Kwa wasiokuwepo, taja watu baada ya kitenzi: nimewatumia mafundi. Ila kama aliyetumiwa ni mmoja, acha wingi wa heshima ulale nyumbani: nimemtumia seremala, kwa WhatsApp, leo.

Lakini mfalme wa utata wote, anayestahili kuwekewa sanamu pale Mnazi Mmoja, ni neno mlipe. Lisome polepole. Ukiliona kama amri kwa mtu mmoja, maana yake ni "wewe, mpe yeye pesa yake." Ukiliona kama ombi kwa wengi, ni "ninyi nyote, lipeni." Herufi ni zilezile tano. Katika maana ya kwanza m- ndiye anayepokea fedha, na katika maana ya pili m- ndiye anayetoa. Nenda katafute lugha nyingine ambamo mdai na mdaiwa wanavaa shati moja kiasi hiki.

Mpwa alimaanisha ninyi, yaani mjomba na mhasibu, mkamilishe malipo ya dalali. Mhasibu, aliyekuwa peke yake mbele ya kompyuta yake Posta, aliona amri kwa mtu mmoja. Amlipe nani? Akarudi juu kwenye barua kumtafuta yeye, akamkuta yule ambaye "kazi yake imeisha." Kazi inayoisha ni ya fundi. Akamlipa fundi umeme. Utata wa kwanza ulimlisha wa pili, na ndivyo mambo haya yanavyokwenda siku zote: herufi moja peke yake mara chache huleta hasara, ila zikishikana mikono mbili zinatembea hadi benki.

Dawa ni kutenganisha mtoaji na mpokeaji. "Umlipe" ni wewe mmoja kumlipa yeye. "Mlipeni" ni ninyi wengi kumlipa yeye. Tofauti hizo ni sahihi, lakini sikushauri uziegemee, kwa sababu wasomaji wako wanasoma kwenye simu huku wakivuka Msimbazi na bodaboda inawapigia honi. Andika: "Mhasibu, naomba umlipe dalali wa fremu." Watu wawili, kila mmoja na jina la kazi yake, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Angalia pia vitenzi vingine vya familia hiyo: mpeleke, msaidie, mjulishe, mtume. Huyo wa mwisho ana hatari ya ziada, kwani ukiandika "mtume Ijumaa" kuna msomaji atakayedhani barua imehamia msikitini.

Kuhusu tu- sina mengi. "Tutafungua," "tutafuatilia," "tutawasiliana." Ni kiambishi kinachomjumuisha kila mtu isipokuwa aliyekiandika. Ukikiona kwenye barua yako, kibadilishe kiwe nita-. Moyo ukikataa, basi andika jina la yule unayedhani atafanya, halafu mwambie kabla hajalikuta mwenyewe.

Tuje sasa kwenye muda, ambako hata watu wanaotaja majina vizuri huzama.

Mwisho wa wiki ni lini? Kwa majina ya siku zetu wenyewe, Jumamosi ndiyo siku ya kwanza, Jumapili ya pili, na hesabu inakwenda hadi Ijumaa, siku ya kusanyiko, inayoifunga wiki. Kwa hesabu hiyo, mwisho wa wiki ni Ijumaa. Ofisi za serikali zinakubali, isipokuwa Ijumaa yao huisha saa 9:30 alasiri. Mhasibu wa Posta naye anakubali, lakini Ijumaa yake inafika saa 11 jioni. Mwenye duka wa Kariakoo anashangaa: Jumamosi ni siku yake ya mauzo makubwa, wateja wa mikoani wamejaa, sasa wiki itaishaje kabla ya Jumamosi? Kwake mwisho wa wiki ni Jumamosi jioni anapovuta shata. Halafu yupo kijana ambaye kwake mwisho wa wiki ndiyo wikiendi yenyewe, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo akileta kazi Jumapili usiku ameleta mapema. Na kama mzigo wa vitenge unatoka Guangzhou, ambako saa ziko tano mbele yetu, Ijumaa yako ya saa 11 jioni ni saa 4 usiku kwao, na karani wa huko amekwishalala. Una miisho mitano halali ya wiki moja, na kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya siku mbili. Mpwa hakusema uongo kwa yeyote.

Usidhani kuongeza neno kutakuokoa. "Kabla ya Ijumaa" inawagawa watu mara mbili, wanaoihesabu Ijumaa na wasioihesabu. "Hadi Ijumaa" vivyo hivyo. "Ijumaa ijayo," ikiandikwa Jumanne, wengine wataona ya wiki hii hii na wengine ya wiki ile nyingine. Hata Bunge liliona ubishi huu hauna mwisho, likaweka kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kanuni za kuhesabu muda: muda ukihesabiwa kutoka au baada ya siku fulani, siku hiyo yenyewe haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, inasogezwa mbele. Wewe na seremala wa Keko hamna Bunge la kuwatungia kifungu. Lakini mnaweza kuiga Mamlaka ya Mapato. Ritani ya VAT haiombwi "mwanzoni mwa mwezi" wala "mapema iwezekanavyo." Ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo anayehusika anaijua tarehe hiyo hata akiamshwa usingizini.

Kwa hiyo andika siku na tarehe pamoja: Ijumaa, Julai 3. Kimoja hakitoshi. Siku na tarehe vinachungana: ukikosea ukaandika Ijumaa, Julai 4, mtu atauliza, na swali lake litakuwa limekuja kabla ya hasara. Kesho na keshokutwa viache kabisa. Barua pepe hutumwa mbele. Iliyoandikwa Jumanne husomwa Alhamisi na mtu wa tatu, na "kesho" iliyomo ndani inaamka upya kila inapofunguliwa. Kuhusu mtondo na mtondogoo sitasema kitu, maana wapo wazee watakaoniandikia, na kila mmoja atakuwa na siku yake.

Halafu taja saa, na hapa simama kidogo. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, simu zetu zinahesabu tangu usiku wa manane. "Nitumie kufikia 10:00" inaweza kuwa saa nne asubuhi kwa anayesoma simu na saa kumi jioni kwa anayesoma kama alivyolelewa. Tofauti ni saa sita kamili, yaani karibu siku nzima ya kazi. Watu hudhani neno asubuhi linamaliza tatizo. Hupunguza tu: "saa 11 asubuhi" kwa mmoja ni alfajiri ya adhana na kwa mwingine ni karibu na chakula cha mchana. Kuna njia safi zaidi ambayo ni ajabu haijaenea. Hesabu ya Kiswahili haivuki 12. Namba yoyote kuanzia 13:00 hadi 23:59 haiwezi kusomwa kwa Kiswahili kwa vyovyote, kwa hiyo ina maana moja tu. Weka makataa yako yote mchana na jioni, uandike 16:00, kisha umalizie kwa saa 10 jioni kwa heshima ya wasomaji. Kama ni lazima yawe asubuhi, andika zote mbili: saa 4 asubuhi (10:00).

Usiku nao uuache. Kwa hesabu ya watu wa pwani siku mpya huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa bibi yako ni ule unaofuata Alhamisi, na kwa mhasibu ni ule wa baada ya kazi. Magazeti yetu hujiponya kwa kuandika usiku wa kuamkia Ijumaa. Wewe jiponye kwa kutomwomba mtu kitu usiku.

Sikukuu ni mtego wa aina yake. "Baada ya Sabasaba" inaonekana imenyooka: Sabasaba ni Julai 7. Ila mwambie hivyo mtu wa Dar. Kwake Sabasaba ni maonyesho yenyewe, ambayo kwa kawaida huanza Juni 28 na kuendelea hadi Julai 13. Fundi aliyesema atakuja baada ya Sabasaba anaweza kumaanisha tarehe 8 au 14, na ukimbana atachagua 14. "Kabla ya Idd" ni hatari zaidi, maana hapo umemkabidhi mwezi mwandamo ratiba ya mradi wako.

Ukitaka kielelezo cha makataa yasiyo na utata, pwani yetu inacho, na ni cha kutisha. Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alipokalia ufalme wa Zanzibar bila idhini ya Waingereza, kamanda wao Rawson alimpa masharti: bendera ishushwe na atoke kwenye jumba kabla ya saa 3 asubuhi, Agosti 27. Tazama ufundi wake kama mhariri, usiutazame kama Mzanzibari. Mtendaji ni mmoja, anajulikana. Siku ipo, saa ipo. Na kuna jambo ambalo barua zetu hulisahau kila mara: dalili ya kwamba kazi imefanyika. Bendera ama iko juu ama iko chini, na hakuna wa kusema "nilidhani imeshuka." Mizinga ilianza kulia kama dakika 2 baada ya saa, vita vikaisha ndani ya dakika 40 hivi, na Sayyid Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani kabla ya kuletwa hapa Dar es Salaam. Kasoro ya barua ile ilikuwa adabu. Sarufi yake haikuwa na tatizo.

Kwa hiyo, mbali na nani na lini, tafuta bendera yako. Malipo "yamefanyika" ni pale mhasibu alipobonyeza, au pale dalali alipopata ujumbe wa benki? Nyaya "zimekwisha" ni pale fundi alipokusanya bisibisi zake, au pale taa ya bango ilipowaka? Mpwa, akiandika upya, angeandika hivi:

> Yah: Fremu ya Msimbazi, kazi nne za kukamilisha kabla ya Julai 14
>
> Ndugu zangu, habari za kazi.
>
> Dalali wa fremu amemaliza hati ya pango. Fundi umeme hajamaliza: soketi tatu na taa ya bango bado.
>
> Mhasibu, naomba umlipe dalali Sh 900,000 kabla ya Ijumaa, Julai 3, 16:00 (saa 10 jioni), kisha ututumie wote stakabadhi ya benki. Fundi umeme asilipwe hadi nikutumie picha ya taa ya bango ikiwaka.
>
> Kifaa cha EFD ni kizima, kibaki dukani. Ankara yake ina TIN iliyokosewa. Mimi nitaipeleka kwa muuzaji Jumatano, Julai 1.
>
> Seremala, vipimo vya shelfu nimekutumia wewe leo, Jumanne, Juni 30, kwa WhatsApp. Naomba unijibu kwamba umevipata kabla ya 18:00 (saa 12 jioni) leo hii.
>
> Mjomba atafungua duka Jumanne, Julai 14.

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina ladha. Kabla ya kuituma, mpwa ampe mtu wa meza ya jirani asiyejua mradi, amuulize mambo mawili: nani anamlipa nani, na lini. Akijibu bila kuinua macho kumtazama mwandishi, barua iko tayari. Akiinua macho na kusema "huyu hapa ndiye...?", basi kidole chake kiko juu ya kiambishi chenye kosa.

Utata wa kupokea una taabu yake, hasa ukitoka juu. Mjomba hufundishwi naye sarufi, wala humfundishi. Akiandika, "Mwanangu, hakikisha yule jamaa anapata yake mapema wiki hii, asije akatuharibia," huwezi kumrudishia na duara jekundu. Wala usimuulize "yupi?", kwa sababu atakuona hufuatilii kazi. Kinachofanya kazi ni kujibu kwa utiifu huku ukijaza nafasi zilizo wazi wewe mwenyewe: "Shikamoo mjomba. Nimekusoma. Dalali atapata Sh 900,000 zake kabla ya Ijumaa, Julai 3, 16:00. Kama ulimaanisha mwingine, naomba uniambie leo kabla ya 17:00, maana baada ya hapo mhasibu atakuwa ameshapokea maelekezo." Umekubali, hukuuliza, na kama kuna kosa limewekwa mezani mapema, mahali anapoliona.

Atakujibu "Sawa." Sawa ya wakubwa ina angalau maana tatu, nimesoma, nimekubali, na usinisumbue, lakini kwa kuwa swali lako lilikuwa na saa, hulazimiki kuzichambua. Saa 17:00 inapita, unatuma maelekezo. Ijumaa stakabadhi inafika, unawatumia wote ukiwa umeandika kwenye kichwa cha barua, kwa fahari, "Dalali wa fremu amelipwa Sh 900,000, Julai 3."

Mjomba anajibu wote ndani ya dakika moja: "Safi sana. Na yule mwingine je?"